Pindo la Nusu Inchi

Fundi alikuwa anashona lebo kwenye sketi ya kumi na nane pale binti yake alipoingia, saa tatu asubuhi, mkoba mgongoni na macho mekundu.

"Mbona wewe hapa? Na mtihani?"

"Rula kanitoa mlangoni, mama. Kaligeuza pindo langu mbele ya watu wote."

Rula ni mwalimu wa nidhamu. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa sababu haachi rula yake ya mbao hata akienda kunywa chai. Sketi ikipanda juu ya goti, unarudi nyumbani. Lakini ya binti ilishuka chini ya goti vizuri kabisa, Fundi mwenyewe aliipima.

"Kasema ni fupi?"

"Kasema si ya duka."

Fundi akatoa mguu kwenye pedali ya cherehani.

Mwaka ulipoanza, shule ilitangaza kwamba sketi zote zitoke duka moja, zenye lebo ya duka hilo ndani ya mkanda wa kiuno. Tajiri mwenye duka hakuwa na cherehani hata moja. Mkataji wake alikata vitambaa, halafu mafundi wa mitaani wakapewa vifurushi: sketi ishirini, zipu ishirini, lebo ishirini za kuhesabiwa. Masharti yalikuwa marinda manane, pindo nusu inchi. Sketi moja dukani iliuzwa kwa bei sawa na ujira wa kushona tisa.

Hiyo bei Fundi hakuiweza. Alimwomba mkataji kipande cha jora lile lile kilichoingia doa, naye akamwuzia kwa bei ya kutupa. Doa Fundi akalificha ndani ya rinda la nyuma, na chini akaacha pindo la inchi tatu, kwa sababu mtoto anarefuka na sketi hairefuki. Lebo hakuweka. Za kwenye kifurushi zilikuwa na hesabu yake, na yeye hakuwahi kumwibia mtu hata kifungo.

"Twende," alisema.

Mlangoni pa shule palikuwa kimya. Madarasani watu walikuwa wameinamia karatasi za hesabu. Ulikuwa mtihani wa majaribio, na kumi watakaoongoza wangesamehewa ada hadi wamalize. Muhula uliopita binti alikuwa wa saba, na bila msamaha huo safari yake ya shule ilikuwa inaishia mwezi ule.

"Mwalimu, shikamoo. Mtoto wangu ana kosa gani?"

"Marahaba, mama. Hana kosa, ana sketi." Rula alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti. Akaliinua pindo kwa ncha ya rula. "Imeshonwa vizuri kuliko za duka. Ndiyo maana nikajua. Za duka hazina pindo kama hili."

"Za duka nazishona mimi, mwalimu. Kitambaa ni hicho hicho. Marinda hesabu mwenyewe."

"Lebo iko wapi?"

Fundi akaushika mkanda wa kiuno wa binti, akauachia.

"Mama, nisikilize," alisema Rula, na akaishusha rula. "Zamani kila mtu alikuwa na fundi wake. Palikuwa na bluu kumi na mbili kwenye mstari mmoja. Mtoto wa mwenye nacho anakuja na kitambaa kinachong'aa, wa asiye nacho anaitwa tambara. Walikuwa wanapigana. Leo ukiwatazama huwezi kujua nani ni nani. Huo si usawa?"

Fundi alijua ni kweli. Alipokuwa darasa la tatu aliwahi kuvaa gauni la binamu yake, limekunjwa kiunoni kwa pini, wakamwita Mama Mjamzito mwaka mzima. Siku aliyopata sare yake ya kwanza alilala nayo.

"Sare siipingi," alisema. "Sare ni ya wanafunzi. Lebo ni ya nani?"

"Nikimruhusu wako, kesho nitawajibu nini wazazi waliojinyima wakanunua? Nenda dukani kama wengine. Saa nane kuna karatasi ya lugha, akija na lebo ataingia."

"Na hesabu?"

"Hesabu imeshaanza, mama."

Walirudi nyumbani. Fundi alikaa mbele ya kifurushi. Zilibaki lebo mbili kwenye kibati cha vifungo, utepe mdogo tu, mrefu kama kidole gumba. Moja akaishona kwenye sketi ya ishirini kasoro moja. Ya mwisho akaishika kwa muda mrefu.

"Mama, si itapungua?"

"Vua sketi."

Saa nane Rula aliingiza vidole ndani ya mkanda wa binti. Vikagusa lebo, vikagusa uzi mpya. Alimtazama Fundi, Fundi akatazama chini.

"Ingia," alisema Rula.

Jioni, dukani, Tajiri alizihesabu sketi kwa kuzigeuza moja moja, kama mtu anayekagua meno ya mbuzi.

"Hii moja haina lebo."

"Ilipotea, Tajiri."

"Lebo haina miguu. Bila lebo siuzi, shule itanifungia tenda. Hii sasa ni yako, bei ya dukani."

"Niliyoishona mwenyewe?"

"Si umeipenda?" alisema Tajiri, na vijana wa kaunta wakacheka. Ujira wa sketi tisa ukabaki kwenye droo yake. Ukitoa na ile moja isiyopokelewa, Fundi akalipwa ujira wa kumi tu.

Alipofika nyumbani aliitundika ile sketi ukutani. Ilikuwa saizi kubwa, ingempwaya binti. Binti alikuwa mezani, hajafungua kitabu.

"Lugha nimejaza yote," alisema. "Hesabu wameandika sifuri. Hata nikipata mia kwenye lugha, mama, siingii kwenye kumi."

Kabla Fundi hajajibu, mtu akabisha hodi. Alikuwa Rula, bila rula safari hii, ana mfuko mkononi. Ndani mlikuwa na sketi ya duka.

"Ni ya binti yangu, yuko darasa la chini ya la wako," alisema bila kukaa. "Amerefuka ghafla. Imepanda juu ya goti. Kesho asubuhi nitasimama mlangoni, na yeye atapita mbele yangu. Nishushie pindo, fundi."

Fundi akaigeuza. Akaiona mishono yake mwenyewe, akaujua hata uzi.

"Hapa hapana cha kushusha, mwalimu. Nusu inchi. Ukiishusha, inabaki bila ukingo."

Rula akatazama ukutani. "Na ile?"

"Ile haina lebo."

Rula akashusha sauti. "Lebo ya hii si unaweza kuihamishia pale? Kama ulivyofanya mchana. Nitakulipa."

Wembe wa kufumulia ulikuwa mezani, karibu na mkono wa Fundi. Aliushika. Pesa alizihitaji, na kazi yenyewe ilikuwa ya dakika mbili.

"Na sifuri ya hesabu, mwalimu? Nayo inafumuliwa?"

"Alama zimeshafika kwa mkuu. Ni utaratibu, fundi. Hata mimi sina uwezo."

Binti aliinua kichwa akamtazama mama yake. Fundi akaurudisha wembe ndani ya kibati, akafunga kifuniko. Akaikunja sketi ya mwalimu taratibu, rinda juu ya rinda, akamrudishia mfukoni.

"Nenda dukani, mwalimu, kama wengine."