Barua Iliyotumwa Bila Swali

Barua nilipewa katikati ya kukunja mashuka. Msimamizi wa dobi ya hospitali, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alinisimamia na daftari mkononi. Akaiweka barua juu ya daftari, akaniambia tia sahihi hapa chini. Nikatia. Mikono ilikuwa na maji, sahihi ikavuja wino.

Niliifungua chooni. Kiswahili chake kilikuwa cha kuvaa suti. Nilishika maneno mawili tu, "nidhamu" na "kusitishwa ajira", na hayo yakanitosha. Mengine sikuyaona tena, macho yalikuwa yamejaa.

Nilijua ni jambo la mashuka ya wodi yaliyoungua. Mashine ya kukaushia iliachwa ikizunguka, ikapitiliza, shehena nzima ikatoka imekauka kama mkate wa jana, pembe nyeusi. Na ratiba ya zamu ukutani ilisema siku hiyo ni yangu.

Lakini mimi sikuwepo. Nilimpeleka mama kliniki ya macho. Kule dobi tuna utaratibu wetu, hatuuandiki popote. Unamwambia mwenzako, "Nishikie leo," anakushikia, nawe utamshikia siku yake. Msimamizi anaona kichwa kimesimama penye mashine, basi. Aliyenishikia alikuwa shoga yangu, tunamwita Kipepeo kwa sababu hatulii mahali pamoja.

Usiku huo sikumwambia mtu. Asubuhi nikamdanganya mama kwamba nina homa, nikajifunika shuka. Zamu yangu ilikuwa ya mchana, lakini niende wapi? Mtu akishafukuzwa haendi kujianika mlangoni pa watu.

Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye aliyeiona aproni bado inaning'inia msumarini.

"Wifi, leo kazini huendi?"

"Naumwa."

"Unaumwa nini? Mgonjwa gani analia bila kukohoa?"

Nikamtolea barua. Akaisoma nusu, akakuna kichwa. Yeye alifika mbele kuliko mimi shuleni, hata hivyo akasema, "Hawa watu wanaandika kama wanamsuta mtu. Ngoja."

Kwenye simu yake kuna yule msaidizi wa akili bandia, ambaye yeye humuuliza habari za vidonda vya mtoto na mapishi. Akaipiga picha barua, kurasa zote mbili. "Sasa niulizeje?" akasema. Nami sikujua. Ningeuliza nini, wakati ninachojua ni kwamba nimekwisha? Tukawa tunatazamana. Kidole chake kikagusa, picha zikaenda hivyo hivyo, bila neno.

"Haya, imekwenda bubu," akasema.

Jibu likaja. Akanisomea kwa sauti ya chini, mama asisikie.

"Umetuma barua bila swali, kwa hiyo naanza na kisichoweza kusubiri. Barua hii haisemi umefukuzwa. Inasema unatuhumiwa kuacha mashine bila uangalizi, na inakutaka ujieleze kwa maandishi ndani ya saa arobaini na nane tangu ulipoipokea. Muda hauanzi tarehe iliyoandikwa juu, unaanza ulipoipokea. Uliipokea lini?"

"Jana mchana," nikasema, kama vile mtu yuko chumbani. Wifi akaandika.

"Basi mwisho ni kesho mchana. Ukiweza peleka leo. Usipojibu, barua inasema uamuzi utafanywa bila maelezo yako. Jambo la pili ni la leo hii: aya ya nne inasema utaendelea na kazi kama kawaida mpaka kikao cha nidhamu. Usipokwenda, wanaweza kulihesabu kuwa kosa jingine. La tatu, kikao ni Alhamisi, na unaruhusiwa kwenda na mfanyakazi mwenzako. Sahihi yako chini ni ya kupokea tu, si ya kukubali kosa."

Nikaondoa shuka usoni. Wifi naye akaacha kusoma, akanitazama. "Umelala kitandani, kumbe ndiyo unajifukuza mwenyewe!"

Kucheka nilicheka kidogo. Sasa hofu ilikuwa na saa na siku. Kulala kulikuwa nafuu. Kuamka ndiko kulikuwa na Kipepeo ndani yake: nikijieleza, lazima nimtaje.

"Muulize," nikasema. "Muulize nifanyeje kama mwenzangu ndiye aliyenishikia zamu."

Akauliza. Jibu lilichukua pumzi moja.

"Andika unalolijua wewe mwenyewe: ulikuwa wapi, nani alijua, kama una karatasi ya kliniki. Usibuni, na usieleze yaliyotokea penye mashine kama hukuyaona. Sitakuficha: hata kwa kubadilishana zamu bila ruhusa wanaweza kukuona umekosea. Sheria ya kazi ya nchi yako siijui kutokana na barua hii pekee. Kiongozi wa chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi watakuambia vizuri zaidi. Na kama inawezekana, zungumza na mwenzako kabla ya kumtaja."

Niliandika mezani, wifi akinishikia karatasi isiteleze. Nikaandika mara mbili, nakala moja yangu. Herufi zangu ni kubwa, za mtu aliyeachia darasa la saba, lakini zinasomeka. Jina la Kipepeo niliacha nafasi yake wazi.

Nikavaa aproni, nikaenda kazini, nikamkuta bombani nyuma ya dobi, akisuuza ndoo. Nilipomwonyesha barua, ndoo ikamwanguka.

"Usinitaje," akasema. "Mwenzio nina watoto wawili na mume ndiyo kwanza ameachishwa kazi. Sema ulikuwepo, ukasahau. Wewe wanakupenda."

"Wananipenda wapi? Ona hii."

"Dada, ukinitaja nimekwisha."

"Na nisipokutaja?"

Akafunga bomba. Kisha akasema polepole, akitazama maji, "Kile kitufe cha muda hakishiki. Nilikipiga kama tunavyokipigaga. Nikaenda wodini kuchukua mifuko, nikajua kitaizima mashine."

Sote tulijua kitufe hakishiki. Tulikuwa tunakipiga makofi kama punda, tukaona ndiyo kazi.

"Sitaandika ulichofanya," nikamwambia. "Sikukuona. Nitaandika ulinishikia, kwa sababu ndiyo kweli. La kitufe ukiniruhusu nitaandika, kwa kuwa na mimi nakijua."

 Akaokota ndoo, akaingia ndani. Nikabaki na kalamu. Nikaiegemeza karatasi kwenye ukuta wenye unyevu, nikajaza nafasi: jina lake tu, la kitufe nikaliacha.

Ofisini msimamizi aliisoma amesimama.  Nikamsogezea nakala ya pili. "Naomba uniandikie hapa kwamba umepokea, mama."

Akainua macho. Nilidhani atanifokea. Akaandika tarehe na saa, akatia sahihi.

"Alhamisi usichelewe," akasema. "Na hili la zamu mtalijibu wote wawili. Nenda kazini."

Nikaenda. Nilikuwa bado mfanyakazi, angalau mpaka Alhamisi, na maneno yangu yalikuwa mezani kwao. Nilipofika penye meza ya kukunjia nikasikia msimamizi anaita kutoka mlangoni:

"Kipepeo! Njoo ofisini."

Kipepeo alipita karibu yangu, mikono imelowa, hakunitazama. Nilijiambia ndiyo basi, urafiki umekwisha. Lakini alipofika mlangoni akageuka, uso umempauka.

"Usiondoke jioni," akasema. "Unisubiri."

Sikujua kama anataka kunigombeza au kunishika mkono. Nikavuta shuka la juu, nikaanza kukunja, sikio langu lote liko ofisini.