Kovu la Mzee Aliyegeuzwa

Waliomwita Mkasi hawakukosea. Mpe picha ya mtu katikati ya umati, chai yako haijapoa atakuwa ameshamtoa yule mmoja peke yake, unywele kwa unywele. Kazi yake ilikuwa kutengeneza zile picha za mbele ya video, zile unazoziona simuni kabla hujabonyeza, na majivuno aliyokuwa nayo yangetosha watu watatu. "Video hawaitazami," alizoea kusema. "Wanatazama picha yangu, halafu wanaamua."

Jumatatu mchana alikuja fundi cherehani, mwanamke mwenye tepu ya kupimia bado shingoni. Baba yake, mzee wa miaka sabini na sita ambaye siku hizi alikuwa anasahau hata jina la mtaa wake, alikuwa ametoka nyumbani tangu alfajiri ya Jumapili na hakurudi. Bosi, mwenye chaneli, ambaye kwa Mkasi ni mtoto wa mama mkubwa, akamrekodi dakika nne. Mwanamke akasema baba amevaa shati jeupe, ni mrefu, ana kovu shavuni. Shavu lipi, hakusema, na hakuna aliyemuuliza. Alikuwa na picha moja tu simuni, baba amesimama mlangoni, upande wa kushoto wa picha, uso ameuelekeza kulia.

Hapo ndipo Mkasi alipoingia kazini. Maneno makubwa yeye huyaweka kushoto, kwa sababu jicho la msomaji linaanzia huko, na kona ya chini kulia mtandao hubandika muda wa video, ukiweka neno pale linafunikwa. Basi mzee alipaswa kwenda kulia. Lakini akimsogeza hivi hivi, mzee angekuwa anatazama nje ya picha na kuyapa maneno kisogo. Dawa yake ni kubonyeza mara moja: picha inageuka kama kwenye kioo, mtu anatazama maneno. Amefanya hivyo mara mia. Alibonyeza bila hata kuacha kutafuna.

Kisha akamkata mzee, akamzungushia ukingo wa manjano, akamweka juu ya bluu nzito iliyokaribia kuwa nyeusi. Akaongeza mwanga na kivuli mpaka kovu likasimama wazi, kutoka chini ya jicho mpaka kidevuni. Kushoto akaacha uwanja mtupu, kisha humo akaandika YUKO WAPI? Akaipunguza picha mpaka ukubwa wa ukucha ili aone kama bado inasomeka, na ilisomeka. Kovu pia lilionekana. Alijipongeza, maskini, tena kwa sauti.

Kufika Jumanne asubuhi watu elfu arobaini walikuwa wameiona, na picha yenyewe imeshasambazwa kwenye makundi ya simu bila video. Saa nne Mkasi alikuwa anapitia maoni, kikombe mkononi, alipokutana na hili, limeandikwa saa mbili:

"Mzee anayefanana na huyu yuko hapa kituo cha mafuta cha njia panda. Ila wa kwenye picha ana kovu shavu la kushoto, huyu wetu la kulia. Sio yeye jamani."

Chini yake watu ishirini na kitu walikubali. Kweli, sio yeye. Tuendelee kumtafuta.

Mkasi aliweka kikombe chini taratibu. Hakuhitaji kufungua picha ya mwanzo, lakini aliifungua. Kovu lilikuwa shavu la kulia. Akaitazama yake: hata mfuko wa shati ulikuwa umehamia kifua cha kulia, na shati gani la dukani linashonwa hivyo? Jambo hilo lilikuwa mbele ya macho yake tangu jana. Aliandika "NI YEYE! MSHIKENI!" na hakujibiwa.

"Nabadilisha picha," alimwambia Bosi.

"Picha gani? Hiyo inayokimbia? Thubutu uiguse!"

"Nilimgeuza mzee. Kovu liko upande usio wake, na kuna mtu wa kituo cha mafuta amemwona akamkataa."

Bosi alifunga mlango. "Sasa sikiliza, mdogo wangu. Ukibadilisha leo, watu watauliza kwa nini. Wataambiana chaneli hii inachezea sura za watu. Kesho nani atatuletea mtu wake? Mpigie huyo wa kituo kimya kimya, mambo yaishe."

"Simjui! Na picha iko kwenye simu elfu ngapi, kaka? Kila atakayemwona mzee anamkataa!"

"Nimesema usiguse."

Mkasi hakuwa mtu wa kubishana na wakubwa, na hakubishana. Alirudi kwenye kiti, akarudisha uso wa mzee kama Mungu alivyouumba, akahamishia maneno upande wa pili, akaipandisha mtandaoni, kisha akaandika juu kabisa ya maoni: Picha ya jana ilikosewa. Kovu liko shavu la KULIA. Bosi alisimama nyuma yake akitaja jina la mama yake mwenyewe na la mama wa Mkasi. Mkasi alichukua kofia ya pikipiki akatoka, huku anampigia fundi cherehani.

"Dada, nenda kituo cha mafuta cha njia panda. Sasa hivi."

"Wamempata? Umejuaje?"

"Nenda kwanza, dada yangu. Tafadhali."

Alipofika kituoni mwanamke alikuwa ameshafika, anamtikisa mlinzi kwa ukosi. Mlinzi alikuwa karibu kulia. "Mama, nilimkalisha hapa! Nilimpa chai na mkate. Nikashika picha hivi, pembeni ya uso wake, nikalinganisha. Kovu likakataa. Akasema anakwenda kazini, nikamwacha. Ningejua ningemfunga kamba."

"Alielekea wapi?" Mkasi aliuliza.

Mlinzi alinyoosha mkono kwenye barabara ya malori. Lori moja lilipita likawafunika wote vumbi.

Mkasi alimpakia mwanamke nyuma ya pikipiki, wakaenda polepole, yeye anatazama mtaro wa kulia, Mkasi wa kushoto. Kila gunia lilionekana shati jeupe. Kilomita ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna. Mkasi aliomba Mungu kwa maneno ya utotoni, yale aliyodhani ameshayasahau. Kilomita ya tatu mwanamke alimpiga mgongoni kwa ngumi.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kivuli cha bomba la zege la wajenzi wa barabara, miguu mitupu imevimba, midomo imekauka, yu hai. Alimtazama binti yake kwa adabu, kama mteja anayesubiri zamu yake. Binti alipompa maji, mzee alikunywa yote, akasema, "Ahsante, mwanangu," na ikawa vigumu kujua kama amemtambua au ni heshima tu.

Mkasi alisubiri mpaka mwanamke alipomaliza kulia. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyemuuliza. "Dada, ni mimi," alisema. "Niligeuza picha ili maneno yapate nafasi. Ndiyo maana mlinzi alimwachia."

Alijiandaa kupigwa, na alitamani apigwe. Mwanamke alimtazama, mkono wake ukipapasa lile kovu, shavu la kulia.

"Usiku kucha nilikuwa naiangalia ile picha," alisema. "Kila nikiiangalia namwona mgeni. Nikajua basi, na mimi nimeanza kumsahau baba."