Nafasi ya Katikati

Mchoro ule niliuchora mimi, na niliuonea fahari. Ulikuwa rundo la matofali madogo ya mraba, likitazamwa kutoka kwenye kona, juu kidogo. Swali lenyewe lilikuwa fupi: "Matofali yamepangwa ndani ya nafasi tisa, tatu kwa tatu. Hakuna tofali linaloelea. Yako mangapi?"

Tulikuwa wanne katika chumba cha walimu, tukipitia mtihani wa majaribio. Saa sita mchana ulitakiwa uwe kwa mchapaji. Mwenyekiti wetu alihesabu, akapata ishirini na moja. Mwenzetu tuliyemwita Kikokotoo, kwa kuwa hukokotoa hata ngazi anazopanda, akapata kumi na tisa. Mimi mwenye mchoro nilikuwa nimeandika ishirini.

"Hebu hesabu tena," Mwenyekiti alinikaripia. "Yaliyofichwa nayo uyahesabu!"

"Nimeyahesabu, mkuu."

"Basi umeyahesabu vibaya."

Wa nne wetu alikaa dirishani. Aliwahi kunifundisha hesabu nikiwa na umri wa miaka kumi. Presha ya macho ilikuwa imemnyang'anya nuru yote mwaka uliopita, na watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba sasa apumzike nyumbani. Tulimwalika kwa heshima tu. Nani angemuuliza habari za picha?

"Mwanangu," akaniita, "nisomee minara yako. Anza nyuma."

Nikaona haya, lakini nikasoma. "Safu ya nyuma: matofali manne, matatu, mawili. Ya kati: matatu..." Nikasita. "Halafu pale katikati. Halafu moja. Ya mbele: mawili, moja, na ule mnara wa kona iliyo karibu nasi, matatu."

"Niletee vile vibao vya mraba vya kuchezea vya watoto wa darasa la kwanza."

Nikaleta kikapu. Akapanga mezani bila haraka, kidole gumba kikipima kila mnara kabla hajahamia mwingine. Safu ya nyuma ikasimama. Minara ikazunguka pande zote, minane. Mkono wake ukazama katikati, ukatulia humo.

"Hapa pana nini?"

"Mawili," akasema Mwenyekiti.

"Hapana kitu," akasema Kikokotoo.

Mimi nikasema moja, maana ndilo nililokuwa nalo kichwani siku ninachora.

"Nani ameliona?"

Nikainamia karatasi kana kwamba jibu lingechungulia lenyewe.

"Nenda kule mlangoni," akaniambia, "usawa wa kona yenye mnara wa mbele. Inama mpaka uone rundo kama lilivyo kwenye karatasi. Funga jicho moja."

Nikaenda, nikainama, nikatafuta pembe yake mpaka rundo likakaa vile vile nilivyolichora. Mkono wake ukapanda, ukashuka.

"Umeona nini?"

"Sijaona tofauti, mwalimu."

"Nimetia tofali moja. Na sasa?"

"Ni lile lile."

"Sasa ni mawili."

Rundo halikuwa limebadilika hata kwa upana wa uzi. Mnara ule wa mbele, matofali matatu kwenda juu, ulisimama kama mlinzi na kufunika kila kilichokuwa nyuma yake hadi tofali la pili.

"Tia la tatu!" nikapiga kelele.

Akatia. Juu ya kona ya mnara wa mbele kikachomoza kichwa cha tofali. Kikokotoo alinisukuma ili aone mwenyewe, na Mwenyekiti akapiga magoti sakafuni na suruali yake iliyopigwa pasi.

"Kwa hiyo nani amekosea?" akauliza kutoka kule chini.

"Hakuna," akajibu mwalimu wangu. "Minara minane inayoonekana ina matofali kumi na tisa. Katikati panaweza kuwa patupu, pakawa na moja, au mawili. Picha moja, majibu matatu. Aliyekosea ni swali."

Nilikuwa nimechora kisima ambacho mimi mwenyewe sikukijua, na asiyeona ndiye aliyetia mkono ndani yake. Nilimtazama vidole, nikajisikia tena mtoto wa miaka kumi.

"Tulifute," Mwenyekiti akasema, akijikung'uta magoti.

"Ulifute swali zuri hivi? Waulizeni: machache kabisa yanaweza kuwa mangapi, na mengi kabisa mangapi?"

Nikaandika upya papo hapo, nikamsomea, naye akanisahihisha koma. Mchapaji alipata karatasi zake saa saba kasorobo, akanuna, akachapa.

Juma lililofuata, Mwenyekiti alimpelekea mwalimu wangu kikapu kizima cha vibao nyumbani, pamoja na ombi: kila mchoro wa mtihani upite kwanza mikononi mwake. Nami nilisahihisha karatasi za wanafunzi mia mbili. Walioandika yote mawili, kumi na tisa na ishirini na moja, hawakufika thelathini. Mmoja wao aliongeza chini, kwa penseli: "Lakini mwalimu, hata wewe hujui."

Nikampa alama zote.