Dozi Zilizobaki Ruaruke

Bingwa wa magonjwa ya kifafa alikuwa akiletwa Kibiti siku moja tu kila baada ya miezi mitatu. Daktari wa kudumu wenyeji waliahidiwa tangu Zuena hajaota meno. Sasa Zuena ana mtoto wa miaka miwili na ahadi bado iko njiani.

"Daftari hatasoma," nesi aliwaambia Zuena na jamaa zake benchini. "Watu sitini wanamngoja. Nipeni ukurasa mmoja: ameanguka mara ngapi kila mwezi, muda gani, nini kilitangulia, dozi zipi zimerukwa."

Daftari lilikuwa la Zuena mwenyewe. Kwa kuwa hajioni anapoanguka, aliandika alichoambiwa na waliomwona. Dada yake, Muzdalifa, akalifungua magotini na kuanza kufupisha.

"Shemeji, hapa ulisema nusu saa," alimwuliza Haidari, mume wa Zuena. "Nusu saa nzima alikuwa akitetemeka?"

"Ah, nusu saa mpaka kuamka. Kutetemeka kwenyewe dakika mbili, tatu. Kisha analala kama gogo."

"Basi ni dakika tatu. Usingizi nauandika mbali. Angesoma nusu saa angedhani tulimwacha afe."

"Si mlikuwa mnangoja afe?" alidakia Mwantum, mama yake Haidari, aliyempakata mtoto Ashrafu. Akacheka peke yake.

Machi, mara mbili. Aprili, mara moja. Mei, mara sita. Muzdalifa akasimamisha kalamu. Mei ndipo walipohamia dunguni, kibanda cha juu ya nguzo huko bondeni, kulinda mpunga. Usiku hawalali, wanafukuza nguruwe. Na kila siku ya dunguni, pembeni, Zuena alikuwa ameandika neno moja: *sijanywa*.

"Kwa nini hukunywa?"

Zuena akamtazama mkwewe.

"Dungu halina ukuta," Mwantum akasema. "Jirani waone mke wa mwanangu anameza vidonge vya kifafa? Nilivificha mimi, nyumbani Ruaruke, ndani ya pipa la unga. Na alipoanguka tulisema malaria."

"Sita, mama!" Muzdalifa akasema. "Ya mwisho kaangukia mafiga!"

"Mkono umepona."

Muzdalifa akaandika: *Dozi zilirukwa wiki tatu mfululizo, asubuhi na jioni, vidonge vikiwa vimefichwa na mkwewe. Maanguko yote sita ya Mei yalitokea humo; la mwisho aliangukia motoni. Usingizi pia ulikuwa haba. Siku alizokunywa na kulala vizuri, karibu hakuna.*

Haidari alisoma juu ya bega lake. Akashusha sauti. "Hayo ya dozi yafute. Sema dawa haifanyi kazi, aongezewe, basi."

"Akiongezewa dawa asiyoinywa itamsaidia nini?"

"Zuena," Haidari akasema, sasa akimwambia mkewe. "Karatasi hiyo ikiingia hivyo, mama yangu umemwanika. Utatoka mlangoni humo huna mume. Na Ashrafu hutamwona."

Zuena aliunyosha mkono wenye kovu kumgusa mwanawe. Mwantum akamgeuza mtoto upande wa pili.

Jina likaitwa. Muzdalifa akampa Zuena karatasi kama ilivyo, pamoja na kalamu. "Mwili wako, mdogo wangu. Ukitaka kufuta, futa mwenyewe."

Zuena akaichukua karatasi, kalamu akaiacha.

Bingwa alisoma mara moja, akarudia mstari wa Mei. "Vizuri. Dawa haijashindwa; hukupewa nafasi ya kuinywa. Siongezi. Ile ile, asubuhi na jioni, na uende nayo shambani. Usikatishe ghafla tena, unaweza kufa." Akainua macho kwa Haidari, aliyemfuata mkewe ndani, mlango ukiwa wazi, benchi zima likisikiliza. "Aliyeificha ni nani? Mama yako? Mwambieni ajifunze." Kisha akaita anayefuata. Alikuwa amesema kweli, na jioni angekuwa Dar es Salaam.

Nje, kwenye bodaboda, Haidari hakupaza sauti. "Nimekuacha. Dada yako shahidi, si anapenda kuandika?"

"Mtoto mdogo ni wa mama yake!" Muzdalifa akashika usukani wa pikipiki. "Hata kwa kadhi utaambiwa!"

"Mwanamke anayeangukia motoni apewe mtoto? Nani kaandika kaangukia motoni? Nyie wenyewe. Karatasi anayo daktari."

Ashrafu alikuwa keshapandishwa katikati, akilia akinyoosha mikono.

Mwantum alikaa vizuri nyuma yake, akaikunja khanga isiingie kwenye tairi. Akamtazama Zuena na kifuko kipya cha vidonge alichokikumbatia kifuani.

"Haya, kunywa sasa," alisema. "Asubuhi na jioni. Hakuna wa kukuficha tena."