Paa au Dirisha

Kanisa la Askofu Kipruto kule Rhonda, mtaa wa Nakuru, lilikuwa na dirisha moja tu, la upana wa dhiraa, lililotobolewa juu kwenye mabati. Askofu alisema Nuhu alijenga hivyo. Mvua ikinyesha, waumini wa safu ya kati walifungua miavuli na kuendelea kuabudu, na hakuna aliyeona ajabu.

Bahati mbaya Askofu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kupitia tafsiri mpya ya Mwanzo. Na bahati mbaya zaidi, mtaalamu wa Kiebrania katika kamati hiyo, Daktari Jepkemei, alikuwa ameandika katika rasimu kwamba Nuhu aliambiwa aweke paa.

Neno lenyewe ni *tsohar*. Katika Biblia nzima ya Kiebrania linatokea mahali hapo tu, kisha linanyamaza. Waliolisoma kama dirisha walilifungamanisha na *tsohorayim*, mchana wa jua kali: penye mwanga pana tundu. Jepkemei alitaka paa, na silaha yake ilikuwa Kiarabu, ambako *dhahr* ni mgongo, upande wa juu wa kitu.

Siku moja kabla ya kikao alimpigia simu Umaima, rafiki yake wa tangu chuo, mwenyeji wa Bondeni anayefundisha Kiarabu. Alitaka tu kupongezwa.

"Sauti zinakubaliana," Umaima alisema. "*Ts* ya Kiebrania mara nyingi huwa *dh* nzito kwetu. Kivuli kwenu *tsel*, kwetu *dhill*. Hapo uko sawa."

"Basi nimeshinda."

"Ngoja, dada. Na adhuhuri utaiweka wapi? Ni *dhuhr*, herufi zilezile. Ukimpelekea Askofu Kiarabu peke yake, atachukua adhuhuri yake na kwenda nyumbani na dirisha. Kamusi yetu ni kubwa, Jepkemei. Ukitaka neno limaanishe ngamia, utampata ngamia."

Jepkemei alikata simu akiwa na hasira, hasa kwa sababu Umaima alisema kweli. Alirudi vitabuni, na safari hii alisoma kama mtu asiyejua jibu.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa hoteli mjini Nakuru, chini ya bango la harusi ambalo hakuna aliyejisumbua kuliondoa. Askofu alifungua kwa maombi marefu, akimshukuru Mungu kwa mwanga, kwa madirisha na kwa wasomi wanyenyekevu.

"Daktari," alisema, "umekuja kutuezekea?"

"Nimekuja na barua, Askofu. Mtawala mmoja wa Kanaani alimwandikia mfalme wa Misri kwenye udongo, zamani sana, kwamba anamsujudia kwa tumbo na kwa mgongo. Aliandika kwa Kiakadi, lugha ya barua za wafalme enzi hizo, na mgongo kwa Kiakadi ni *tseru*. Lakini mwandishi wake akaongeza kando maneno ya kwao: tumbo, *batnu*, mgongo, *tsuhru*. Kanaani kwenyewe, kwenye lugha ndugu ya Kiebrania, *tsuhru*. Hilo liko karibu na *tsohar* kuliko Kiarabu chochote."

"Mgongo wa mtu sio paa."

"Kweli. Ndiyo maana tunatazama sentensi. Anaambiwa akimalize kitu hicho kwa juu, kwa dhiraa moja. Kisha mlango, kisha ghorofa. Ni fundi anapewa maagizo ya jengo, na mvua iko njiani. Na baadaye Nuhu anapofungua dirisha amtoe kunguru, linatumika neno lingine, *challon*, la kila siku."

Wajumbe waliinamisha vichwa kwa busara, kama watu wanaosubiri chai.

Askofu alifunua kurasa polepole. "Na baadaye anapoondoa kifuniko cha safina? Hapo pia ni *tsohar*?"

Jepkemei alihisi masikio yakipata moto. Alikuwa ametumaini hataliona.

"Hapana," alisema. "Ni *mikhseh*. Neno lingine pia."

"Kwa hivyo hoja yako inakata pande zote mbili."

"Inakata, Askofu. Nilikuja nikitaka kukuambia nina uhakika. Sina. Naona paa lina uzito zaidi, na dirisha linastahili kutajwa."

Askofu, aliyekuwa amejiandaa kwa vita, alibaki bila adui. Alikohoa. Baada ya mabishano ambayo hayakuongeza kitu, walikubaliana: paa ndani ya aya, dirisha katika tanbihi. Askofu aliomba tanbihi iwe na herufi kubwa kuliko tanbihi nyingine. Kamati, kwa ujasiri wake wote, ilimkatalia kwa kuahirisha jambo hilo.

Jepkemei alimwandikia Umaima ujumbe: "Paa. Ila na tanbihi."

"Hongera," Umaima alijibu. "Umeshindwa vizuri."

Kisha kamati ikaingia sehemu inayofuata ya aya, mlango ubavuni mwa safina. Mlango ni mlango. Hakuna aliyepinga, na Askofu akapendekeza wasimame wamshukuru Mungu kwa umoja wao.