Walinzi, Kipigo, Mwanachama, Afa

Ofisi ya Kuk Okran ilikuwa ghorofa ya pili, nyuma ya mahakama ya Changwon, mji wa Kikorea, juu ya mkahawa wa supu ya mifupa. Kwa miaka mingi alikuwa ametafsiri vyeti vya ndoa, vya talaka, vya kuzaliwa na vya kufa, na kila karatasi ilipotoka mezani pake ilinukia kitunguu saumu. Akishatafsiri, huenda kwa mwanasheria mthibitishaji aliye ng'ambo ya barabara, akatia saini kiapo kwamba tafsiri yake inalingana na asili. Saini hiyo ndiyo iliyokuwa riziki yake. Hakuwa na kingine.

Pyo Mihyang alikuja mwanzoni mwa vuli, amevaa koti jeusi lililomzidi. Lilikuwa la mumewe. Hakukaa mpaka alipoambiwa mara ya pili.

"Mwalimu," alisema, "wameniambia wewe hununuliki."

"Nani kakwambia hivyo? Wenye maduka huku wananiambia sipunguzi bei. Huenda ndicho walichomaanisha."

Mihyang hakucheka. Alitoa bahasha, na ndani yake mlikuwa na picha iliyochapwa dukani, rangi zake zimefifia. Ilikuwa picha ya ukurasa wa mbele wa gazeti la mkoa. Gazeti lilikuwa limekunjwa katikati na kuchomekwa kwenye rafu ya kibanda cha stendi ya mabasi, kwa hiyo nusu ya chini haikuonekana. Dalsu, rafiki wa mumewe, ndiye aliyeipiga kwa simu huku basi likinguruma kuondoka kuelekea hospitali ulikohifadhiwa mwili wa marehemu. Aliporudi kununua nakala, rafu ilikuwa tupu.

Mumewe, Ma Gitak, baba wa mtoto wao Jiho, alikuwa mchomeleaji vyuma katika kiwanda cha vipuri vya magari, na mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Kulikuwa na mgomo. Kulikuwa na walinzi wa kukodiwa langoni. Gitak alitoka nyumbani amebeba kifungua kinywa, akarudi ndani ya jeneza. Kamera za langoni, kampuni ilisema, siku hiyo zilikuwa zinatengenezwa. Polisi walisema alianguka. Dalsu mwenyewe alifika langoni baada ya kila kitu kwisha.

"Wenye kiwanda wako Ujerumani," Mihyang alisema. "Wana ofisi ya malalamiko. Nimepeleka malalamiko yangu na picha hii. Wakili wa kampuni naye akapeleka tafsiri yake ya Kiingereza. Inasema, 'Mwanachama aliyewapiga walinzi afa.' Wajerumani wakaniandikia kwamba hata magazeti yetu wenyewe yanasema mume wangu ndiye mchokozi."

Okran aliisogeza picha chini ya taa. Kichwa cha habari kilikuwa na maneno manne, meusi, manene kama matofali:

WALINZI KIPIGO MWANACHAMA AFA.

Alikisoma akapata maana moja. Akakisoma tena akapata nyingine.

Katika maongezi ya kawaida, kila jina kwa lugha yao huburuta mkia mdogo nyuma yake, na mkia huo ndio unaosema nani katenda na nani katendwa. Magazeti huikata mikia hiyo ili maneno yaenee kwenye nafasi. Mara nyingi hakuna hasara, maana msomaji huijazia mwenyewe. Lakini hapa, ukijazia hivi, mwanachama aliyepigwa na walinzi kafa. Ukijazia vile, mwanachama aliyewapiga walinzi kafa. Yote mawili yalikuwa Kikorea safi. Wakili wa kampuni hakudanganya hata neno. Alichagua tu.

"Mimi nataka kineno kimoja," Mihyang alisema. "'Na.' Alipigwa *na* walinzi. Kiandike hicho, utie saini, niende zangu."

"Ngoja kwanza, Mama Jiho. Hapa chini pana mstari wa habari yenyewe."

Juu kidogo ya mkunjo, herufi ndogo zilisomeka kwa taabu: Marehemu Ma, mchomeleaji, asubuhi hiyo langoni, walinzi watatu. Hapo karatasi ilikunjwa. Mkia wa neno "walinzi" ulikuwa umeingia chini ya mkunjo, na kitenzi, ambacho kwa lugha yao huja mwisho kabisa, kilikuwa chini zaidi. Okran aliigeuza picha upande wa pili kama mtoto, ingawa alijua ni karatasi tupu.

"Nakala za magazeti huwekwa maktaba ya mkoa," alisema. "Nitakwenda mwenyewe."

Alikwenda. Mhudumu alimletea gazeti la tarehe ile. Ukurasa wa mbele ulikuwa na tangazo kubwa la maonyesho ya kilimo, na chini pembeni habari fupi: MWANACHAMA MMOJA AFA. Neno kipigo halikuwapo tena. Walinzi hawakuwapo. Okran alipiga simu kwenye gazeti, akaambiwa kwamba mwandishi wa habari ile alikwisha kuacha kazi na hakuna anayejua aliko, na kwamba mhariri aliyekuwa akiandika vichwa, Mzee Yeo, alikuwa amestaafu na sasa analima matunda huko Jinyeong.

Alimkuta Mzee Yeo barazani akimenya kaki, matunda ya rangi ya chungwa, ya kukausha. Ganda lilikuwa likishuka refu, bila kukatika. Okran alimwonyesha picha. Mzee aliitazama bila kuishika.

"Kumbe imebaki moja," alisema.

"Ulikiandika wewe, mzee?"

"Mwandishi wangu alileta, 'Mwanachama afa baada ya kupigwa na walinzi.' Hakuficha kitu. Alikuwa ameongea na watu waliokuwapo. Halafu mwenye gazeti akapiga simu. Anakula meza moja na wakurugenzi wa kiwanda. Nikasema basi, nitakikata. Nikakata mikia. Nikajiambia, atakayetaka kujua atajua, na atakayetaka kushtaki hatakuwa na pa kushika." Alichukua tunda jingine. "Hakuridhika. Alipiga simu tena, mtambo ukasimamishwa, ukurasa ukabadilishwa. Vifurushi vya kwanza vilikuwa vimekwisha kwenda stendi."

"Kwa hiyo walinzi ndio waliompiga."

"Binti, wewe ni Mkorea wa wapi usiyejua?"

"Mimi najua. Wajerumani hawajui. Niandikie haya, mzee. Mistari miwili na muhuri wako."

Kisu kilisimama. "Mkwe wangu yumo kiwandani humo. Ana watoto wawili."

"Na Gitak alikuwa na mmoja."

"Najua," mzee alisema. "Unadhani sijui? Nimekwambia kwa sababu umekuja kwa miguu yako. Ukiniita mahakamani, nitasema sikukuona."

Alimfungia matunda kwenye mfuko. Okran alitaka kuyakataa, lakini mkono wake, uliofunzwa adabu tangu utotoni, uliyapokea. Njia nzima kwenye basi aliuona mfuko ule mapajani kama hongo.

Siku mbili alikaa na karatasi tupu. Angeweza kuandika "na". Ingekuwa kweli. Lakini wakili wa kampuni angeuliza jambo moja tu: kineno hicho kiko wapi kwenye picha? Na hakimo. Kiapo chake hakikusema "haya ndiyo yaliyotokea." Kilisema "haya ndiyo yaliyoandikwa." Wakishamkamata kwa hilo, kila karatasi ya Mihyang ingeitwa ya kughushi. Mwishowe aliandika tafsiri zote mbili, moja chini ya nyingine, akaongeza maelezo kwamba maneno haya kwa asili yake hayasemi nani alimpiga nani, na kwamba tafsiri ya wakili si maana pekee.

Mihyang aliisikiliza ikisomwa mpaka mwisho.

"Ulikwenda kwa yule mzee?"

Okran hakuweza kumdanganya. Alimweleza yote.

"Kwa hiyo unajua," Mihyang alisema polepole. "Unajua, na hutaki kuandika."

"Ninachokijua hakimo kwenye picha, mdogo wangu."

"Umemweka mume wangu mzani mmoja na waliomuua. Nusu huku, nusu huku. Hata wakili wa kampuni hakunifanyia hivyo; yeye alichukua upande."

Mihyang aliichukua tafsiri. Hakuwa na nyingine ya kupeleka.

Jibu lilikuja theluji ya kwanza ilipokwisha kuyeyuka. Mihyang alilileta likiwa bado limefungwa, akaliweka mezani bila salamu. Okran alilisoma kwanza kimoyomoyo, kisha akalisoma kwa sauti. Kwa kuwa ushahidi uliowasilishwa unaruhusu maana mbili, hakuna kosa lililothibitika. Faili limefungwa. Inasikitikiwa kwamba uhai ulipotea.

"Nani anasikitika?" Mihyang aliuliza.

"Haikusemwa."

"Uhai ulipotea wenyewe? Kama mwavuli kwenye treni?"

Okran aliikunja barua. Chini, mpishi wa mkahawa alikuwa akimfokea mtu juu ya kimchi, ile kabichi yao ya kuchachusha, iliyochacha kupita kiasi.

"Niandikie sentensi nzima," Mihyang alisema. "Kwa Kikorea chetu. Yenye mikia yote. Nataka kuitundika langoni. Iandike kwa mkono wako."

"Watakushtaki. Sheria yetu unaijua. Hata ukisema kweli, ukimvunjia mtu heshima ni kosa."

"Sikukuuliza sheria, dada. Nimekuomba mkono."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita dada. Okran alisukuma meza ukutani, wakatandika kitambaa cheupe sakafuni. Alipiga magoti, akachovya brashi, akaandika: Walinzi wa kampuni walimpiga Ma Gitak. Ma Gitak akafa. Kila mkia aliuandika kwa utulivu, mnene, mahali pake. Hakuna mtu duniani aliyejua kusoma lugha ile ambaye angeisoma kwa njia mbili.

Kitambaa kilikaa langoni asubuhi moja. Wafanyakazi wa zamu waliingia wakikitazama, wengine wakainamisha vichwa, wengine wakapita haraka. Dalsu alisimama chini yake mpaka msimamizi alipoliita jina lake kwa kipaza sauti, naye akaingia. Kabla ya chakula cha mchana lori la halmashauri lilifika, watu wake wakakikata kamba.

Hati ya kuitwa polisi ilimfikia Mihyang baada ya wiki moja. Safari hii haikuhitaji mfasiri, lakini aliileta hata hivyo. Okran aliisoma amesimama. Pyo Mihyang aliikashifu kampuni kwa kutundika kitambaa mbele ya lango. Mtenda alikuwapo, mtendwa alikuwapo, kitenzi kilikuwa mwisho panapostahili. Mikia yote ilikuwapo.

"Hawa wanajua kuandika," Mihyang alisema.

Okran alivaa koti, akafunga ofisi, wakaenda pamoja. Kituoni askari kijana alimuuliza yeye ni nani kwa mshtakiwa.

"Maandishi ni yangu," Okran alisema. "Andika na jina langu."

Askari alimtazama, akatazama fomu yake. Ilikuwa na nafasi ya jina moja. Alisema atamuuliza mkubwa wake, akaingia ndani, akafunga mlango. Wale wawili walikaa kwenye benchi, koti jeusi la Gitak likiwa limefunika magoti yao yote mawili, kwa maana kituo hakikuwa na moto. Walingoja mpaka mchana ukapita, na mlango ule haukufunguliwa.