Lebo ya Tabora

Kwetu Kasulu mwanamume haachi baiskeli nje ya gulio bila kuchomoa kiti chake. Nani ataiba baiskeli isiyokalika? Mume wangu Evaristi hata kanisani huingia na kiti kwapani, nami nimechoka kumwonea haya.

Siku ya safari, karani wa mizigo pale stesheni ya Uvinza alituambia baiskeli haipandi na abiria. Akaipima, akatupa stakabadhi, akafunga lebo ya Tabora kwenye springi za kiti, kisha akaiegemeza ukutani ingoje behewa la mizigo. Alipogeuka tu, Evaristi akachomoa kiti. Nikaona ni yale yale. Tukapanda daraja la tatu, akalala amekikumbatia.

Tulipofika Tabora, mizigo ikashushwa. Tukangoja. Vikashuka vitanda, magunia, baiskeli za watu wengine. Behewa likafungwa, treni ikaondoka kuelekea Dodoma.

Evaristi akamwonyesha karani wa Tabora stakabadhi, akilalamika kwamba ameibiwa.

"Kila chenye lebo ya Tabora kimeshushwa, mzee," karani akasema. "Kisicho na lebo hatukigusi. Yako ilikuwa na lebo?"

"Ilifungwa nikiona kwa macho yangu."

Karani akapekua tena mizigo, amechanganyikiwa kama sisi. Ndipo nikaona kikaratasi kinaning'inia kwapani mwa mume wangu.

"Mama Esteri," akaniuliza, "sasa baiskeli imekwenda wapi?"

"Sijui, Baba Esteri. Lakini kiti kimefika salama."